Ofa ni milioni moja na laki tatu. Mkononi je?

*Shikamoo Anti. Nina miaka 28, ni ofisa manunuzi kwenye kampuni ndogo hapa Dar. Mshahara unaoingia benki ni 851,000 kila mwezi. Kwenye salari slipu naona msingi 1,080,000, posho hakuna. Sasa nimepata ofa kampuni nyingine: msingi 1,000,000, posho ya nyumba 200,000, posho ya usafiri 100,000, jumla 1,300,000. Chini wameandika "makato ya kisheria yatahusika." Mimi nimepiga hesabu nikaona naongezeka karibu laki nne na nusu. Mwenzangu ofisini ananiambia nisifurahi, eti ukivuka milioni TRA wanachukua asilimia 30 ya mshahara wote, heri nibaki nilipo. Jambo jingine: nilisoma kwa mkopo wa Bodi, deni ni kama milioni 9, na bosi wangu wa sasa hajawahi kunikata. Wanataka jibu Ijumaa. Nikubali?*

*Njia Panda, Temeke*

Marahaba mwanangu. Kabla ya jibu, tafadhali futa hiyo laki nne na nusu kichwani. Umechukua 1,300,000 ambayo haijaguswa na mtu ukaitoa 851,000 ambayo NSSF na TRA wamekwisha kupita. Ni kama kulinganisha mchele wa kwenye gunia na ubwabwa wa kwenye sahani. Ghafi linganisha na ghafi, cha mkononi linganisha na cha mkononi. Ghafi yako ya sasa ni 1,080,000, ofa ni 1,300,000, kwa hiyo wamekuongezea 220,000 kwenye karatasi. Tuanzie hapo.

Nilikaa dawati la mishahara miaka 11. Kila mwisho wa mwezi simu yangu ilikuwa haipumziki, na swali lilikuwa moja: "Dada, mbona pungufu?" Mara nyingi wala haikuwa pungufu. Mtu alitajiwa namba moja kwenye usaili, akaenda kuihesabia kodi ya nyumba na ada ya mtoto, bila kujua kwamba namba ile haijawahi kumfikia mfanyakazi yeyote ikiwa nzima.

Kwa mfanyakazi wa kampuni binafsi Tanzania Bara, kinachokatwa kwanza ni mchango wa NSSF. Mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na kawaida mnagawana nusu kwa nusu: wewe 10, mwajiri 10. Ya kwako inatoka kwenye mshahara wako, ya mwajiri inatoka mfukoni kwake. Kwa ofa hii, ukihesabu kwenye jumla ya 1,300,000, ya kwako ni 130,000. Inabaki 1,170,000.

Hii 1,170,000 ndiyo kodi ya mshahara, PAYE, inayoitazama. Wengi hukosea hapa kwa kupiga kodi kwenye ghafi nzima, wakajiogopesha bure. Mchango wa mfuko wa jamii unatoka kabla ya kodi.

Na hapa ndipo tunapomjibu huyo mwenzako wa ofisini. Ameshika nusu ya jambo. Asilimia 30 ipo kweli, ila inakula kipande cha juu tu. Chukulia 1,170,000 ni maji unayoyamimina kwenye ndoo zilizopangwa mstari, hii ikijaa unahamia inayofuata. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ndoo ya kwanza ni 270,000 na haikatwi kitu. Inayofuata inachukua 250,000, hadi kufika 520,000, na inakatwa asilimia 8, yaani 20,000. Ya tatu inachukua 240,000, hadi 760,000, kwa asilimia 20: ni 48,000. Ya nne inachukua 240,000 nyingine, hadi kwenye milioni, kwa asilimia 25: ni 60,000. Zinazobaki juu ya milioni ni 170,000 tu, na hizo ndizo zenye asilimia 30: ni 51,000. Jumlisha, unapata kodi ya 179,000.

Angekuwa sahihi mwenzako, ungekatwa 390,000. Umeona tofauti. Na kwa sababu kila ndoo ina kiwango chake, hakuna mtu anayepandishwa mshahara halafu kodi ya PAYE peke yake ikamrudisha chini ya alipokuwa. Mwambie, maana inawezekana yeye mwenyewe alishakataa nyongeza kwa woga huo.

Ukitoa 130,000 za NSSF na 179,000 za kodi, inabaki 991,000.

Sasa rudi kwenye slipu yako ya leo. Nimeipitisha kwenye hesabu hiyo hiyo: 1,080,000 toa 108,000 za NSSF, inabaki 972,000, kodi yake ni 121,000, mkononi 851,000. Imekubali mpaka shilingi ya mwisho, kwa hiyo kwenye karatasi bosi wako anakata sawasawa. Kama anapeleka ni jambo jingine, nitalifikia.

Kwa hiyo ofa ingekupa 991,000 dhidi ya 851,000, nyongeza ya 140,000. Ile 220,000 ya kwenye karatasi imegawanyika hivi: 22,000 zimeenda NSSF, 58,000 zimeenda TRA, zilizobaki zako. Si laki nne na nusu, lakini si haba.

Ingekuwa tunaishia hapo ningekwambia kasaini. Lakini una mkopo.

Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na makato haya huja baada ya kodi, hayakupunguzii kodi hata kidogo. Msingi kwenye ofa ni 1,000,000, kwa hiyo ni 150,000 kila mwezi. Toa kwenye 991,000, unabaki na 841,000. Umesoma vizuri: mkononi utapata pungufu ya shilingi 10,000 kuliko unavyopata leo, kwenye kazi ambayo barua yake imeandikwa milioni moja na laki tatu.

Usikasirike na kampuni mpya. Kosa liko huku ulipo. Sheria inamtaka mwajiri akimwajiri mhitimu aitaarifu Bodi ndani ya siku 28, halafu akate na kupeleka. Bosi wako hajafanya hivyo, na wewe umekuwa ukila 851,000 ambayo ndani yake kuna fedha za deni. Siku Bodi wakilipata jina lako kwenye orodha ya malipo ya kampuni hiyo, watakata asilimia 15 ya msingi wako wa sasa, ambao ni 1,080,000. Hiyo ni 162,000. Utabaki na 689,000 bila hata kubadilisha kiti.

Namba za kuweka mezani ni hizi mbili basi: 841,000 kule, 689,000 hapa. Nyongeza yako halisi ni 152,000. Na ukiona mtu anakushauri ubaki ulipo kwa sababu "hapa hawakukati mkopo", ujue anakushauri ujenge maisha juu ya uzembe wa mtu wa utumishi, ambaye anaweza kubadilishwa wiki ijayo akaja mwenye kufuata taratibu. Nimewahi kuwa huyo aliyekuja. Mwezi wangu wa kwanza niliwasilisha majina 14. Hawakunipenda.

Utauliza, imekuwaje kampuni yenye mshahara mkubwa ikukate mkopo mdogo kuliko yenye mshahara mdogo? Ni kwa sababu ya mgawanyo. Kampuni mpya imeweka 300,000 kwenye posho, na Bodi haikati posho. TRA haina habari na mgawanyo huo: posho ya nyumba na ya usafiri zinazolipwa taslimu kila mwezi zinatozwa kodi sawa na msingi. Usidanganyike na yule anayesema "posho haina kodi." Labda anachanganya na fedha ya safari ya kikazi, hiyo ni habari nyingine.

Chukua hiyo posho ya usafiri ya 100,000. Kwa kuwa inakaa juu kabisa ya mshahara wako, inatoka 10,000 ya NSSF, kisha asilimia 30 ya 90,000 ambayo ni 27,000. Inayokufikia ni 63,000. Gawa kwa siku 22 za kazi, ni kama shilingi 2,860 kwa siku. Hujaniambia ofisi mpya iko wapi. Kama ni Masaki na wewe unatoka Temeke, keti na kondakta kichwani mwako, uhesabu magari mangapi kwenda na mangapi kurudi. Ya nyumba nayo, ile 200,000, kwa kuwa inakaa chini ya hiyo ya usafiri na sehemu yake inaangukia ndoo ya asilimia 25, inafika 131,000. Wala usimwambie mwenye nyumba kwamba umepewa laki mbili.

Posho nyingi zina upande wa pili, na huu hauonekani mpaka siku ya shida. Sheria ya ajira inapokokotoa malipo ya saa za ziada au kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka uliotimia, inatazama mshahara wa msingi. Msingi wako ukihama kampuni unashuka kutoka 1,080,000 hadi 1,000,000, ingawa jumla imepanda. Kwa mtu anayelala ofisini kila mwisho wa mwezi akifunga manunuzi, saa za ziada zinahesabiwa kwa ule msingi mdogo. Kwako sioni kama ni sababu ya kukataa, lakini ulione.

Kuna jingine watu hawalitofautishi: makato hayafanani tabia. Ile 179,000 ya kodi imekwenda, huioni tena isipokuwa kwenye barabara na zahanati. 150,000 ya Bodi inapunguza deni ambalo ungelilipa tu. Kwa deni la 9,000,000 ni miezi 60, kisha 150,000 hiyo inarudi mfukoni kila mwezi kama vile umepandishwa mshahara. Na tangu tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ilipofutwa mwaka 2021, deni halivimbi tena mwaka hadi mwaka kama lilivyokuwa likiwatesa wakubwa zako. Ukilipunguza linapungua kweli.

130,000 ya NSSF nayo ni ya kwako, na mwajiri anaongeza 130,000 nyingine juu yake. Kila mwezi 260,000 inaingia kwenye jina lako. Kwenye kazi ya sasa ni 216,000. Hiyo tofauti ya 44,000 haimo kwenye mshahara wa mkononi, lakini ni malipo. Pensheni ya uzeeni inataka miezi 180 ya michango, kwa hiyo mwezi ambao haukupelekwa ni mwezi uliopotea kwenye hesabu hiyo. Ndiyo maana nakutuma, kabla hujaaga, uende ofisi ya NSSF na kitambulisho uombe taarifa ya michango yako. Hesabu miezi uliyofanya kazi, hesabu miezi iliyoandikwa. Slipu kuonyesha 108,000 ni ushahidi kwamba umekatwa, si kwamba imefika. Mwajiri asiyekumbuka Bodi ya Mikopo simwamini sana kwa NSSF. Ukikuta mashimo, lalamika ukiwa bado una slipu zote mkononi, kwa sababu ukishaondoka hata kupata nakala ni kubembeleza.

Sasa Ijumaa. Usijibu ndiyo wala hapana. Waandikie watu wa utumishi wa kampuni mpya uwaulize mambo matatu, kwa maandishi, kwa adabu.

La kwanza, mchango wa NSSF wanaukokotoa kwenye jumla ya 1,300,000 au kwenye msingi peke yake? Wapo waajiri wanaokata kwenye msingi. Ukikatwa kwenye milioni, mchango wako unakuwa 100,000, kodi inapanda hadi 188,000, na mkononi unapata 862,000 badala ya 841,000. Utaona kama faida, kumbe umeongezewa 21,000 mkononi na kupoteza 60,000 kwa mwezi kwenye akiba yako, 30,000 ya kwako na 30,000 ya mwajiri.

La pili, bima ya afya. Barua yako haijaitaja, au hukuniandikia. Kama wapo NHIF kwa utaratibu wa asilimia 6 ya msingi mnaogawana nusu, ni 30,000 nyingine kutoka kwako na mkononi inakuwa 811,000. Kama kampuni inalipa bima yote, na wategemezi wamo, hiyo inaweza kuwa na thamani kuliko nyongeza yote tuliyokuwa tukiihangaikia.

La tatu, waombe wakutengenezee mfano wa salari slipu ya mwezi mmoja kamili, wakijua kwamba una mkopo wa Bodi. Mtu wa mishahara anatumia dakika tano. Kampuni inayokataa kutoa karatasi hiyo imekwambia kitu. Ukiipata, angalia mistari ya makato: NSSF, PAYE, Bodi, bima kama ipo. Ukikuta SDL au WCF upande wako, uliza mara moja. Tozo ya kuendeleza ujuzi na mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi ni mzigo wa mwajiri, havikatwi kwa mfanyakazi. Na kama kwenye mazungumzo walitumia neno "paketi", hakikisha hawajajumlisha humo NSSF yao. Kuna kampuni inakutajia kinachowagharimu wao, si mshahara wako.

Ukitaka kujadiliana mshahara, usiende na namba ya mkononi ukaitaja kama ghafi, kosa hilo limewaponza wengi. Tuseme moyo wako unataka 950,000 mkononi, makato yote yakiwa yametoka. Umepungukiwa 109,000. Kwa ngazi uliyofika, kila 10,000 wanayoongeza kwenye msingi inatoka 1,000 ya NSSF, 2,700 ya kodi na 1,500 ya Bodi, unabaki na 4,800. Wakiongeza kwenye posho, Bodi haipo, unabaki na 6,300. Kwa hiyo ili upate 950,000 unahitaji jumla ya kama 1,527,000 wakiweka yote kwenye msingi, au 1,473,000 wakiweka kwenye posho. Mwenye kampuni anajua tu kwamba umeomba laki moja na sabini na tatu. Wewe unajua kwa nini umeomba hiyo na si laki moja.

Kama wasipoongeza hata shilingi, na bima ipo, na NSSF wanakokotoa kwenye jumla, mimi ningekwenda. Nauli tu ndiyo ingenizuia. Piga hesabu ya magari kwanza, na ile 63,000 uiweke pembeni yake.

Jambo dogo la mwisho: mwezi wa kwanza ukianza katikati, mathalani tarehe 12, utalipwa siku ulizofanya kazi tu, na kwa kuwa fedha inakuwa ndogo ndoo za juu hazijai, kodi yake itaonekana nafuu ajabu. Usiichukue slipu hiyo kama kipimo. Subiri ya mwezi wa pili, kisha uilinganishe na mfano waliokutumia, mstari kwa mstari.